Zamu ikibadilika wodini: jinsi kurasa za maandishi zinavyogeuzwa kuwa ripoti fupi

Mkaazi anayemtazama mgonjwa wake jioni katika hospitali zetu za upande wa bara, iwe Likoni, Kisauni au Changamwe, huwaona wauguzi wawili au watatu wakipita kitanda kwa kitanda wakiwa na faili mkononi. Mmoja anaeleza, mwingine anasikiliza na kuandika. Jamaa wengine hudhani ni mazungumzo tu ya watu wanaoagana, na huo ndio wakati wanapoingilia kati kuuliza kama chai inaruhusiwa. Wauguzi wenyewe hukuita kupeana ripoti. Anayemaliza zamu anamkabidhi wagonjwa mwenzake anayeingia, na kwa kila mgonjwa ana dakika chache tu za kusema yale ambayo mwenzake hawezi kuyakosa.

Somo la toleo hili linaeleza ripoti hiyo hutungwa vipi kutokana na maandishi ya zamu nzima, na mahali ambapo jamaa wa mgonjwa huisaidia au huiharibu bila kujua.

Tuanze na maandishi yenyewe. Kila mgonjwa ana kadeksi, ambamo muuguzi huandika kila analolifanya na kuliona, kwa mfuatano wa saa. Kando yake kuna chati ya vipimo vya presha, mapigo ya moyo, pumzi na joto la mwili, chati ya dawa, na kwa wagonjwa wengine chati ya maji yanayoingia na yanayotoka mwilini. Kadeksi ni kumbukumbu na ushahidi, kwa hivyo ni lazima iwe na kila kitu. Lakini anayeingia zamu akiwa na wagonjwa ishirini hawezi kusoma kurasa zote kabla ya kuanza kazi. Anahitaji kitu kifupi.

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kudhani kwamba kufupisha ni kuisimulia siku ile ile kwa maneno machache. Mwandishi wa habari hufundishwa kuanza na jambo zito lililotokea, na sisi wa ofisi za mawasiliano tumeizoea njia hiyo. Ripoti ya zamu inafanana nayo kidogo, ila ina tofauti moja kubwa. Habari huuliza ni nini kimetokea. Ripoti ya zamu huuliza ni nini anachotakiwa kufanya anayeingia, saa ngapi, na ni dalili gani ikimfika amwite daktari. Jambo kubwa lililokwisha linaweza kuachwa kabisa, na neno dogo lililoandikwa pembeni mwa ukurasa likawa ndilo la kwanza kutajwa.

Kitanda cha 6

Tuchukue mfano. Mgonjwa huyu ni wa kutungwa, lakini dawa, vipimo na mipaka yake ni ile inayofuatwa wodini. Ni mama wa miaka 24, uzazi wake wa kwanza, aliyeletwa alfajiri akiwa na presha kali ya ujauzito. Ugonjwa huu usipodhibitiwa huweza kuleta degedege, yaani kifafa cha mimba, na hatari haiishi mtoto akishazaliwa. Dawa inayozuia degedege ni magnesiamu salfeti. Mgonjwa hupewa dozi kubwa ya kuanzia ya gramu 14, nne kwenye mshipa na kumi kwa sindano za matakoni, tano kila upande. Baada ya hapo hupewa gramu 5 takoni kila baada ya saa nne, kwa kubadilisha upande, mpaka saa 24 zitimie tangu ajifungue au tangu degedege ya mwisho, kutegemea lipi limekuja baadaye.

Dawa hiyo huokoa maisha, lakini ikizidi mwilini hulegeza misuli mpaka pumzi ikafifia. Hutoka kwa njia ya mkojo. Kwa sababu hiyo, kabla ya kila dozi muuguzi huhakikisha mambo matatu: mgonjwa anavuta pumzi zisizopungua 16 kwa dakika, mguu unaruka goti likigongwa, na mkojo haujapungua mililita 30 kwa saa katika saa nne zilizopita, yaani mililita 120 kwa jumla. Moja likikosekana, dozi husimamishwa na daktari huitwa. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kuipinga magnesiamu, huwekwa karibu.

Sasa soma kadeksi ya zamu ya mchana, kama ilivyoandikwa:

09:00 – Amejifungua kwa njia ya kawaida, mtoto wa kike, kilo 2.6, amelia mara moja. Damu iliyotoka ml 350.
10:00 – Magnesiamu gramu 5, tako la kulia. Presha 150/98.
12:00 – Presha 148/96. Amekunywa uji. Ametulia.
14:00 – Pumzi 20, goti linaitika, mkojo tangu 10:00 ml 240. Magnesiamu gramu 5, tako la kushoto. Presha 152/100.
15:30 – Daktari amepita. Ameagiza kipimo cha damu, chembe za kugandisha damu, figo na ini. Damu imetolewa na kupelekwa maabara.
16:00 – Presha 154/104. Anasema kichwa kinauma kidogo, amepewa panadoli. Mtoto ananyonya. Dada yake amekuja kumtazama.
18:00 – Pumzi 18, goti linaitika, mkojo tangu 14:00 ml 130. Magnesiamu gramu 5, tako la kulia. Presha 158/106. Kichwa bado. Shuka zimebadilishwa.

Zamu inabadilika 18:30. Muuguzi aliyechoka, mwenye vitanda vingine kumi na tisa, angeweza kusema hivi: "Kitanda cha 6 amejifungua vizuri asubuhi, mtoto mzima, yuko kwenye magnesiamu, presha iko juu kidogo, ametulia." Hakuna uongo katika sentensi hiyo. Ni fupi pia. Lakini anayeingia akiisikia ataliweka kitanda cha 6 katika wale wanaoweza kusubiri.

Muuguzi anayejua kazi yake huanza kwa kuondoa. Kila alilofanya likakamilika na halidai kitu usiku huliacha kwenye kadeksi: uji, shuka, ziara ya dada, kilio cha mtoto. Hata sindano za saa nne na saa nane mchana hahitaji kuzitaja moja moja; inatosha dozi ya mwisho, saa yake na upande wake, maana kutokana na hiyo anayeingia anajua ijayo ni lini na inachomwa wapi.

Kisha anafanya kazi ambayo ndiyo kiini cha somo hili, nayo ni kusoma namba kwa kuvuka ukurasa badala ya kuzisoma moja moja. Presha ya 158/106, ukiiona peke yake, bado haijafika 160/110, kiwango ambacho huhesabiwa kuwa kikali na kudai dawa ya kuishusha mara moja. Hakuna kipimo hata kimoja cha mchana huo kilichovuka mpaka. Lakini zipange: 148/96 saa sita, 152/100 saa nane, 154/104 saa kumi, 158/106 saa kumi na mbili. Inapanda kila mara. Mkojo nao: saa nne za kwanza ml 240, sawa na 60 kwa saa. Saa nne za pili ml 130, sawa na 32 na ushei. Umepungua karibu nusu na umebakisha kidogo tu kugusa mpaka wa 30. Pumzi 20 zimekuwa 18. Na maumivu ya kichwa, ambayo kwa mgonjwa mwingine yangetosha panadoli, kwa huyu ni dalili ya hatari inayoweza kutangulia degedege. Yameandikwa mara mbili, na mara zote mbili katikati ya mambo mengine.

Kwa hiyo mabadiliko ya hali hayaandikwi kwa neno "amebadilika" wala "hajambo kiasi". Huandikwa kwa namba ya kwanza, namba ya mwisho na muda uliopita baina yake. "Ametulia" ni neno ambalo mimi ningelipiga marufuku kwenye ripoti za zamu kama ningekuwa na mamlaka hayo. Mgonjwa anayelegezwa na dawa iliyozidi huonekana ametulia sana.

Akishaona hivyo, muuguzi wa mchana hangoji kuliandika jambo hili kwenye ripoti ili mwenzake alishughulikie. Anampigia daktari simu pale pale, saa kumi na mbili na dakika kumi. Ripoti si mahali pa kuegesha dharura. Tuseme daktari anaagiza dawa ya kushusha presha, inatolewa 18:20, na anataka presha ipimwe tena baada ya nusu saa. Ndipo ripoti inapoandikwa:

Kitanda 6. Miaka 24, uzazi wa kwanza, presha kali ya ujauzito. Amejifungua 09:00 leo.
Haraka: Presha 158/106 na kichwa kinauma tangu 16:00. Daktari ameambiwa 18:10, dawa ya presha imetolewa 18:20. Pima tena 18:50. Namba ya juu ikifika 160 au ya chini 110, au akiona ukungu, au kichwa kikizidi, mwite daktari wa zamu papo hapo.
Yaliyobadilika: Presha imepanda tangu 12:00, kutoka 148/96 hadi 158/106. Mkojo umeshuka kutoka ml 240 hadi 130 kwa saa nne.
Yanayosubiri: Magnesiamu gramu 5 saa 22:00, tako la kushoto, iwapo tu pumzi ni 16 au zaidi, goti linaitika na mkojo tangu 18:00 ni ml 120 au zaidi. Pima mkojo 20:00, usingoje 22:00. Dozi ya mwisho ni 06:00 asipopata degedege. Majibu ya maabara ya damu iliyotolewa 15:30 hayajarudi. Yafuatwe 19:30, daktari aambiwe yakija.
Kalsiamu glukoneti iko kwenye trei ya dharura, imeangaliwa 18:00.

Angalia sehemu ya yanayosubiri. Kila kazi ina saa, na ile ya magnesiamu ina sharti. Maneno "aendelee na magnesiamu" yangemwachia anayeingia kazi bila mlango wa kutokea. Angalia pia maabara. Majibu yasiyorudi hupotea kirahisi kuliko jambo lolote lingine wodini, kwa sababu aliyeyaomba ameondoka, aliyeyapeleka anaondoka, na karatasi yenyewe haipo ya kumkumbusha mtu. Yakipewa saa ya kufuatwa, yanakuwa na mwenyewe.

Saa ya Kiswahili na saa ya chati

Kuna mtego ambao vitabu vya uuguzi vilivyoandikwa ng'ambo havina habari nao. Wodini tunazungumza Kiswahili lakini tunaandika saa kwa namba za Kiingereza. Muuguzi akisema "dawa ya saa kumi" na mwenzake akaandika 10, imekuwa asubuhi au imekuwa 22:00, ilhali msemaji alikusudia 16:00. Kwa dawa inayotolewa kila baada ya saa nne, kosa la saa sita ni dozi moja iliyoruka au dozi mbili zilizokaribiana. Ndiyo maana ripoti nzuri huandika saa kwa mtindo wa saa 24, na anayeisema kwa mdomo huongeza "usiku" au "jioni" kila mara, hata kama inaonekana ni kurudia.

Baada ya kusikia, anayeingia huirudia kwa maneno yake. "Kwa hivyo, presha nipime sita na hamsini jioni hii, mkojo nitazame mbili usiku, na sindano ya nne usiku nisimchome mpaka nione mia moja na ishirini?" Akikosea hapo, husahihishwa mbele ya mgonjwa, na haichukui hata nusu dakika. (Msomaji makini atakuwa ameshaona kwamba katika sentensi hiyo moja muuguzi wetu amechanganya saa mbili: "sita na hamsini" ni ya Kiingereza, na nyingine ni za Kiswahili. Hivyo ndivyo tunavyozungumza Mombasa, na hivyo ndivyo ajali hutokea. Mwenzake anatakiwa ajibu: "Saa kumi na mbili na dakika hamsini, yaani 18:50.")

Mpangilio wa namna hii haukuzuliwa wodini. Mfumo unaotumika sana duniani, wa kutaja hali ilivyo, historia fupi, tathmini, na pendekezo, ulianzia katika nyambizi za jeshi la wanamaji la Marekani, kisha ukaingizwa hospitalini na watu wa Kaiser Permanente kule Colorado mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani liliutaja mfumo huo katika mapendekezo yake ya usalama wa wagonjwa wakati wa makabidhiano. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa hospitali tisa za watoto za Amerika Kaskazini, ambako madaktari walifunzwa mpangilio mwingine unaojumuisha yale ya kurudia ulichosikia, na makosa ya kitabibu yakapungua kwa asilimia 23. Wale walikuwa madaktari, si wauguzi, na wodi zao si kama zetu, kwa hivyo namba hiyo isichukuliwe kuwa ahadi.

Usiku unapoingia

Turudi kitanda cha 6. Saa kumi na mbili na dakika hamsini presha imeshuka hadi 146/94 na kichwa kimepoa. Saa mbili usiku mkojo ni ml 45, chini ya 60 inayotarajiwa kwa saa mbili. Muuguzi wa usiku hashtuki, kwa sababu alishaambiwa aangalie. Anahakikisha mrija haujajikunja wala kulaliwa, na anamjulisha daktari. Saa nne usiku jumla ni ml 95. Pumzi ni 16, goti linaitika, lakini mkojo haujafika 120. Hachomi sindano. Anamwita daktari, ambaye majibu ya figo sasa anayo mkononi kwa sababu yalifuatwa mapema.

Na hapa kuna jambo la kuingia kwenye ripoti ya asubuhi. Kisanduku cha 22:00 kwenye chati ya dawa kikiachwa kitupu, muuguzi wa asubuhi atadhani mwenzake alisahau, na huenda akafidia. Kwa hivyo huandikwa waziwazi: dozi ya 22:00 haikutolewa, mkojo ml 95, daktari aliarifiwa, uamuzi wake ni huu. Jambo ambalo halikufanywa kwa makusudi huhitaji maneno mengi kuliko lililofanywa.

Daktari akiamua mama huyu apelekwe Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani kisiwani, ripoti ile ile husafiri naye. Kutoka Changamwe atapita Makupa, kutoka Kisauni atapita daraja la Nyali, na kutoka Likoni huenda akavuka kwa feri. Katika safari hiyo kadeksi hubaki nyuma, na mstari mmoja ukikosekana kwenye barua ya rufaa, madhara yake ni makubwa: saa na kiasi cha magnesiamu aliyopewa mwisho, na dozi gani ilizuiwa. Anayempokea asiyejua kwamba dozi ya kuanzia ilishatolewa anaweza kuirudia, gramu 14 zote, kwa mgonjwa ambaye figo zake haziitoi ile ya kwanza.

Jamaa wa mgonjwa

Rudi kwenye kadeksi ya saa kumi jioni: dada yake amekuja kumtazama. Jamaa zetu ni wakarimu, na wakiona mfuko wa mkojo umejaa huumwaga chooni kwa nia njema, ili mgonjwa asione haya. Ml 80 zikimwagwa bila kupimwa, muuguzi atasoma namba ndogo kuliko ile ya kweli, na dawa ya kuzuia degedege inaweza kusimamishwa bila sababu. Kinyume chake pia hutokea: mkojo wa ndugu wa kitanda cha pili ukamiminwa kwenye chombo kile kile, na namba ikapanda. Mwite muuguzi kwanza. "Sista, mfuko umejaa" yatosha.

Vivyo hivyo kwa dawa kutoka nyumbani, na kwa lolote ambalo mgonjwa amekuambia wewe lakini hakumwambia muuguzi. Akina mama wengi humwambia dada au shangazi kwamba wanaona ukungu au vimulimuli, halafu muuguzi akiuliza hujibu "sijambo". Liseme kabla ya ripoti kuanza, yaani kama nusu saa kabla ya zamu kubadilika, ili liingie ndani yake. Muuguzi akishaanza kupokea ripoti, subiri amalize kitanda hicho.

Mkiombwa kutoka nje kwa muda wakati wa ripoti, ni kwa sababu yanayosemwa ni ya mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, hivyo hata karatasi ya ripoti aliyoishika muuguzi haifai kupigwa picha na kutumwa kwenye kundi la familia. Jamaa aliyeruhusiwa na mgonjwa anaweza kumwuliza muuguzi aliyeingia, baada ya ripoti kwisha: ni nini kinachosubiriwa usiku huu, na saa ngapi?